Mradi wa darasani ndani ya barua ya kuomba kazi ya matangazo ya kulipia

Kampuni ya matangazo ya Dar es Salaam inapotafuta mtu wa ngazi ya kuanzia wa kuendesha matangazo ya kulipia mtandaoni, barua nyingi inazopokea hutoka kwa vijana waliohitimu karibuni, ambao hawajawahi kuajiriwa popote na ambao uzoefu wao wote ni miradi waliyoifanya wakiwa masomoni. Hilo halimshangazi mwajiri, kwa sababu nafasi yenyewe ameiweka kwa ajili ya watu wa aina hiyo. Kinachotenganisha barua inayoitwa kwenye usaili na ile inayobaki kwenye rundo ni namna mradi ulivyosimuliwa, yaani kama msomaji anaweza kuona uamuzi uliofanywa, fedha iliyotumika, namba iliyopatikana na mpaka wa kile ambacho namba hiyo inaweza kuthibitisha. Makala haya yanashughulikia sehemu hiyo ya barua, kwa sababu ndiyo inayowashinda wengi, na sehemu nyingine yanazigusa kwa ufupi tu.

Ni vizuri kwanza kueleza kazi yenyewe. Afisa wa ngazi ya kuanzia hapewi kubuni mkakati wa kampuni ya simu au benki. Asubuhi anafungua akaunti za wateja, anaangalia fedha iliyotumika jana kama inalingana na bajeti, anapakia matangazo mapya, anahakikisha kila tangazo linampeleka mtu kwenye ukurasa au namba sahihi, kisha mwisho wa wiki au mwezi anaandaa ripoti. Kosa lake kubwa linaweza kuwa dogo sana kwa macho: sifuri moja iliyozidi kwenye bajeti ya siku, au tangazo la duka la Sinza linaloonyeshwa kwa watu wa nchi nyingine. Kwa hiyo anayesoma barua ana swali moja kichwani kabla ya mengine yote: je, huyu akiachiwa fedha ya mteja, atajua ilikwenda wapi na kwa nini?

Sasa tuangalie aya ambayo, kwa maneno tofauti kidogo kidogo, hujirudia katika barua nyingi:

"Katika masomo yangu nilifanya mradi wa masoko ya kidijitali ambapo tulitangaza biashara ya mapazia kwenye Instagram na Facebook, tukafikia watu zaidi ya 140,000 na kuongeza mauzo ya biashara hiyo kwa kiasi kikubwa."

Aya hii haina uongo wa makusudi, lakini kila sehemu yake inaacha swali. Neno "tulitangaza" linaweza kumaanisha kwamba mwanafunzi alijenga kampeni ndani ya Meta Ads Manager, mfumo wa kuendeshea matangazo ya Facebook na Instagram, akachagua lengo, eneo na bajeti. Linaweza pia kumaanisha kwamba mwenzake mmoja alibusti posti kwa simu akiwa kwenye daladala. Kubusti si dhambi, na wafanyabiashara wengi wa mjini hapa wanaishi kwa njia hiyo, lakini ni kazi nyingine, yenye vitufe vichache na maamuzi machache, na mwajiri anahitaji kujua ni ipi kati ya hizo mbili. Kisha kuna zile 140,000. Mara nyingi mwanafunzi amechukua idadi ya mara tangazo lilipoonekana akaiita idadi ya watu, ilhali mtu mmoja anaweza kuonyeshwa tangazo lile lile mara mbili, tatu au zaidi, na Ads Manager huziweka namba hizo katika safu mbili tofauti, Impressions na Reach. Msomaji anayefanya kazi hii kila siku huliona kosa hilo papo hapo, na tangu hapo anaisoma barua yote kwa mashaka. Zaidi ya hayo, kuonekana ni kitu kinachonunuliwa: ukilipa, tangazo litaonekana, liwe zuri au baya. Na "kuongeza mauzo kwa kiasi kikubwa" nako hakupimiki, kwa sababu haielezwi mauzo yalihesabiwa na nani wala yalilinganishwa na nini.

Tuuchukue mradi huo huo wa mapazia, tuujenge kama mfano kamili, tuone ulikuwa na nini ndani yake ambacho aya ile imekificha. Kikundi cha wanafunzi wanne kimepewa shilingi 280,000 ili kulitangaza duka la mapazia la Mwenge kwa siku 14. Duka halina tovuti. Wateja wake, kama wa maduka mengi ya Dar es Salaam, huuliza kwa WhatsApp, hutuma picha na vipimo vya madirisha, hupatana bei, hulipa kianzio kwa simu, kisha fundi huenda kufunga. Maana yake ni kwamba mauzo hayatokei mahali ambapo mfumo wa Meta unaweza kuyaona. Mfumo unaona mtu amebofya tangazo na amefungua mazungumzo; yanayofuata yako ndani ya simu ya mwenye duka. Hili ndilo tatizo halisi la kupima matangazo ya biashara ndogo za hapa, na mhitimu anayelieleza kwa sentensi mbili ameshaonyesha kwamba alikuwapo kazini.

Kikundi kilitaka kujua jambo moja: je, tangazo litaje bei au lisitaje? Mwenye duka alikuwa na msimamo kwamba bei inafukuza watu, hivyo afadhali waulize kwanza. Kikundi kilitengeneza matangazo mawili yenye picha ile ile ya sebule na maneno yale yale, tofauti ikiwa ni mstari mmoja wa bei ya kuanzia kwa dirisha. Tofauti ikiwa moja, matokeo yakipishana kuna mahali pa kuelekeza kidole. Wangelinganisha picha isiyo na bei na video yenye bei, wasingejua kilichofanya kazi ni bei au ni video.

Kuna hatua moja hapa ambayo wanafunzi wengi huiruka na msaili huiuliza. Ukiweka matangazo mawili ndani ya kundi moja la matangazo, Meta haiyagawii fedha sawa. Mapema kabisa mfumo hukisia lipi litaleta matokeo mengi kwa bei ndogo na kuanza kulimiminia bajeti, hata lingine likabaki na makombo. Ulinganisho wa namna hiyo haufai, kwa sababu tangazo moja halikupewa nafasi. Kikundi chetu kilitumia jaribio la A/B, kila tangazo likawa na kundi lake, bajeti yake ya shilingi 10,000 kwa siku na hadhira yake isiyoingiliana na ya mwenzake. Kwa siku 14 kila moja likatumia shilingi 140,000.

Ili kujua mazungumzo ya WhatsApp yalitoka kwenye tangazo lipi, kila tangazo liliwekewa ujumbe wake wa kuanzia unaojiandika mteja anapobofya: moja "Naulizia mapazia ya sebuleni", lingine "Naomba maelezo ya mapazia ya sebuleni". Mteja anaweza kuufuta na kuandika lake, lakini wengi hubonyeza tu kutuma. Mwenye duka, ambaye alikuwa akitumia WhatsApp Business, aliombwa aweke lebo kwa kila mteja aliyetuma vipimo vya madirisha, kwa sababu mtu asiye na nia hapandi kwenye kiti na futikamba kupima dirisha. Hiyo ndiyo alama waliyokubaliana kuwa ya mteja wa kweli.

Matokeo yalikuwa hivi. Kila tangazo lilionekana mara 70,000, na hapo ndipo zilipotoka zile 140,000 za aya ya mwanzo. Lisilo na bei lilipata mibofyo 700, sawa na asilimia 1 ya mara lilipoonekana, na mazungumzo 80. Lenye bei lilipata mibofyo 420, yaani asilimia 0.6, na mazungumzo 56. Kwa hiyo kila mazungumzo yaligharimu shilingi 1,750 kwa lisilo na bei na shilingi 2,500 kwa lenye bei. Mwanafunzi anayeishia kwenye skrini ya Ads Manager ataandika kwamba tangazo lisilo na bei limeshinda, na mwenye duka atatabasamu kwa sababu ndivyo alivyosema tangu mwanzo.

Daftari la lebo lilisema kinyume. Katika wale 80, waliotuma vipimo walikuwa 7. Katika wale 56, walikuwa 14. Gharama ya mteja mmoja wa kweli ilikuwa shilingi 20,000 kwa tangazo lisilo na bei na shilingi 10,000 kwa lenye bei. Sababu haiko mbali: bei iliyotajwa iliwaondoa mapema watu ambao wangeuliza, wakajibiwa na kunyamaza, na waliobaki walikuwa tayari wanajua wanakwenda kulipa kiasi gani. Aidha, mwenye duka alipunguziwa kazi ya kujibu, jambo ambalo halina safu kwenye ripoti yoyote lakini analihisi yeye kila jioni.

Hapo ndipo penye utajiri wa mradi huu kwa mwajiri, na aya ya barua inapaswa kuupeleka huko moja kwa moja. Inaweza kuandikwa hivi:

"Katika mradi wa muhula wa mwisho, kikundi chetu cha wanafunzi wanne kilipewa shilingi 280,000 kulitangaza duka la mapazia la Mwenge kwa siku 14 kupitia Meta Ads Manager. Mimi nilijenga kampeni na kuifuatilia kila siku. Wenzangu walishughulikia picha, maneno na mawasiliano na mwenye duka. Tulilinganisha matangazo mawili yaliyotofautiana kwa jambo moja tu, yaani kutaja au kutotaja bei ya kuanzia, kila moja likitumia shilingi 140,000. Lisilo na bei lilileta mazungumzo 80 ya WhatsApp na lenye bei 56, lakini waliotuma vipimo vya madirisha walikuwa 7 na 14 kwa mfuatano huo, hivyo gharama ya kila mteja mtarajiwa ikawa shilingi 20,000 dhidi ya 10,000. Kwa idadi hii ndogo sichukulii kwamba jambo limethibitika. Kama tungekuwa na wiki mbili zaidi, ningerudia jaribio hilo hilo kabla ya kumshauri mwenye duka aihamishe bajeti yote."

Sentensi ya mwisho ndiyo ambayo waombaji wengi wangeiogopa, wakidhani wanajidhoofisha. Kwa maoni yangu ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Saba na 14 zinaonekana kupishana sana kwa sababu moja ni maradufu ya nyingine, lakini jumla ni watu 21 tu. Ukirusha sarafu isiyo na hila mara 21, upande mmoja kutokea mara 14 au zaidi si ajabu. Ukirudia zoezi hilo mara nyingi, utaliona takribani mara moja katika kila tano. Kwa hiyo inawezekana kabisa matangazo hayo mawili yana uwezo sawa na bahati ndiyo iliyogawa wateja hivyo. Matokeo yanatoa dalili, nayo yanaungwa mkono na sababu inayoeleweka, lakini hayatoshi kuhamisha fedha zote. Meneja wa matangazo amewahi kuona mteja akibadilishiwa mkakati kwa sababu ya wiki moja nzuri, na anapokutana na kijana anayejua kusimama kabla ya hapo, humkumbuka.

Mwombaji aliye makini anaweza pia kuwa tayari kueleza, usaili ukifika, kwa nini hata mfumo wenyewe haukuwa umetulia. Meta hueleza kwamba kundi la matangazo linahitaji takriban matokeo 50 ndani ya wiki moja ili litoke kwenye kipindi cha kujifunza. Matangazo yetu yalikuwa na wastani wa mazungumzo 40 na 28 kwa wiki, yote mawili chini ya kiwango hicho, hivyo gharama zake zilikuwa bado zinapanda na kushuka. Vilevile, safu ya Messaging conversations started huhesabu pia mazungumzo yaliyoanzishwa upya baada ya ukimya wa siku 7, hivyo 80 si lazima wawe wateja wapya 80. Mambo haya hayana haja ya kuingizwa kwenye barua, kwani yataijaza na kuichosha. Yanatosha kukaa kichwani. Barua inaahidi kwamba mtu anajua, na usaili ndio unaokagua.

Suala la kikundi linahitaji maneno machache zaidi. Miradi mingi ya vyuo hufanywa na watu wanne hadi sita, na ni kawaida kadhaa kati yao kuandika barua kwa kampuni zile zile za Mikocheni na Masaki. Meneja akipokea barua tatu zinazosema "niliendesha kampeni ya duka la mapazia Mwenge", atajua kwamba angalau mbili zimetia chumvi, na hana muda wa kutafuta ni zipi. Ndiyo maana aya ya hapo juu inasema wazi nani alifanya nini. Aliyeshughulikia picha na maneno naye ana barua nzuri ya kuandika, ila aya yake itazungumzia uamuzi wake mwenyewe: kwa nini picha ya sebule iliyofungwa pazia badala ya picha ya kitambaa dukani, na kwa nini mstari wa bei uliwekwa juu badala ya chini. Aliyekuwa akiwasiliana na mwenye duka anaweza kueleza alivyomshawishi aweke lebo kila siku, kwani bila yeye lile daftari lisingekuwapo na hitimisho lote lingepinduka. Kazi hizo zote zina thamani kwa mwajiri, mradi kila mtu adai ya kwake.

Mhitimu huyo ana mradi wa pili, nao ni wa aina ambayo huzua mashaka zaidi: mpango wa matangazo ya Google kwa chuo cha udereva cha Kinondoni, ambao haukuwahi kurushwa. Darasa lilifungua akaunti ya Google Ads, likatumia Keyword Planner kutafuta maneno ambayo watu huyaandika, likajenga kampeni hadi hatua ya mwisho na kuishia hapo kwa kukosa bajeti. Kishawishi kilichopo ni kuuandika kwa namna ambayo msomaji atadhani uliendeshwa. Ni kishawishi kibaya na pia hakina akili, kwa sababu swali la kwanza kwenye usaili litakuwa gharama ya kila mbofyo, na mpango usiorushwa hauna mbofyo hata mmoja. Makadirio ya Keyword Planner nayo, kwa akaunti isiyotumia fedha, hutolewa kwa mafungu mapana mno kiasi kwamba hayawezi kusimama kama matokeo.

Hata hivyo mpango usiorushwa una kitu cha kuonyesha endapo una uamuzi ndani yake. Katika mfano wetu uamuzi huo ni wa maneno ya kuzuia. Mtu anayeandika "udereva" kwenye Google akiwa Dar es Salaam anaweza kuwa anataka kujifunza kuendesha gari, lakini anaweza pia kuwa dereva mwenye leseni anayetafuta ajira. Huyo wa pili akibofya tangazo, chuo kinalipa na hakipati mwanafunzi. Kwa hiyo mwombaji aliweka orodha ya maneno yanayolizuia tangazo lisionekane: "kazi", "ajira", "nafasi", "mshahara". Alilazimika kuyaandika moja moja, kwa sababu upande wa maneno ya kuzuia Google haipanui maana. Kuzuia "kazi" hakuzuii "ajira", ingawa msemaji yeyote wa Kiswahili anaona yanakwenda pamoja. Kwa upande wa maneno ya kulionyesha tangazo, aliongeza pia yale ambayo wakazi wa mjini huyachanganya na Kiingereza, kama "driving school kinondoni", kwani kutegemea Kiswahili pekee kungewaacha nje watu wengi wanaotafuta huduma hiyo hiyo.

Jambo la pili alilolibadilisha ni eneo. Google Ads, ikiachwa ilivyo, huonyesha tangazo kwa watu waliomo katika eneo ulilochagua na pia kwa walio kwingine wanaoonyesha kulipenda au kulifuatilia eneo hilo. Kwa hoteli ya Zanzibar mpangilio huo unafaa sana. Kwa chuo cha udereva ambacho mwanafunzi wake lazima afike kwa miguu au kwa bajaji kila siku, unapoteza fedha, hivyo alichagua Presence, yaani waliomo eneo husika pekee. Na katika vichwa vya tangazo, ambavyo mwisho wake ni herufi 30 pamoja na nafasi, aligundua kwamba Kiswahili kinabana: "Mafunzo ya udereva Kinondoni" inachukua 28, na ukitaka kuongeza neno "bora" huna pa kuliweka. (Si hasara kubwa, sijaona chuo cha udereva kinachojitangaza kuwa kibovu.)

Katika barua, yote hayo yanaingia kwenye sentensi nne:

"Katika somo la matangazo ya utafutaji niliandaa, bila kuirusha, kampeni ya Google Ads kwa chuo cha udereva cha Kinondoni. Kwa kuwa baadhi ya wanaoandika 'udereva' wanatafuta ajira na si mafunzo, niliandaa orodha ya maneno ya kuzuia, na nikaliwekea eneo mpaka wa watu waliomo Kinondoni na kata za jirani pekee. Mpango huo haujapimwa kwa fedha, hivyo siwezi kuutolea matokeo. Ninaweza kueleza sababu ya kila uamuzi uliomo."

Baada ya aya hizo mbili barua imekwisha kufanya kazi yake, na kilichobaki ni kuizungushia umbo lake. Umbo la barua rasmi linajulikana: anwani ya mwandishi juu kulia, tarehe, anwani ya mwajiri kushoto, salamu, kisha mstari wa YAH wenye jina la nafasi kama lilivyoandikwa kwenye tangazo la kazi pamoja na namba ya kumbukumbu kama ipo. Baada ya hapo wengi huandika "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Si kosa, na ofisini bado ndiyo lugha ya kila siku, lakini mtu anayeomba kazi ambayo kiini chake ni kumfanya mtu asipite bila kusoma angefaa kuitumia sentensi ya kwanza vizuri zaidi, kwa mfano: "Naomba nafasi ya Afisa Matangazo Mtandaoni, ngazi ya kuanzia. Nimehitimu mwaka huu shahada ya masoko, na katika masomo hayo niliendesha kampeni moja kwa fedha halisi na kuandaa nyingine ambayo haikurushwa." Msomaji ameshajua anayezungumza naye na mpaka wa uzoefu wake kabla hajafika mstari wa tatu.

Tangazo la kazi likiwa kwa Kiingereza, kama yalivyo mengi ya kampuni za hapa, barua nayo iwe kwa Kiingereza. Namba na maamuzi hayabadiliki. Ukurasa mmoja unatosha. Cheti cha Google Ads cha Skillshop, jukwaa la mafunzo la Google, kinatajwa kwa mstari mmoja pamoja na tarehe ya kuisha, maana hudumu mwaka mmoja, na cheti kilichokwisha muda kinachotajwa kana kwamba ni hai kitaonekana mara tu mwajiri atakapofungua kiungo chake. Orodha ya programu zote unazozijua ibaki kwenye wasifu.

Viambatisho vinahitaji uangalifu ambao mara nyingi haufundishwi. Ni jambo jema kuambatisha ripoti ya kurasa mbili ya mradi wa mapazia: jedwali la matokeo, picha za matangazo yote mawili, na maelezo ya namna wateja walivyohesabiwa. Lakini baadhi ya waombaji huweka picha za skrini za mazungumzo ya WhatsApp ili kuthibitisha kwamba wateja walikuwapo, na ndani yake zinaonekana namba za simu, majina, wakati mwingine hata ramani ya nyumba aliyoituma mteja ili fundi afike. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na watu hao walizitoa taarifa zao ili wauziwe mapazia. Kampuni inayoshika orodha za wateja wa benki na hospitali ikiona kiambatisho hicho haitajiuliza tena kuhusu ujuzi wa mwombaji. Namba na majina vifutwe kabisa, si kupakwa rangi hafifu inayosomeka ukikuza picha. Na mwenye duka aombwe ruhusa kwa maandishi kabla takwimu za biashara yake hazijatumwa kwa mtu mwingine. Akikataa jina la duka litajwe, aya inaandikwa "duka moja la mapazia la Mwenge" na haipungukiwi kitu.

Aya ya kufunga iwe fupi: lini mwombaji anaweza kuanza kazi, namba ya simu inayopatikana, jina na cheo cha mwalimu aliyesimamia mradi na aliyekubali kuulizwa. Mwalimu huyo apewe nakala ya barua mapema, ili akipigiwa simu na kuulizwa nani hasa alijenga ile kampeni ya mapazia, jibu lake na lililoandikwa kwenye barua yawe yanafanana.